Milo midogo, tangawizi, vidonge au dripu: kipi kinamfaa mjamzito anayetapika?

Mdogo wangu alinipigia simu saa 11 alfajiri, sauti imemkauka. "Dada, tangawizi nimekunywa mpaka kifua kinaniwaka, na bado natapika. Niongeze?" Sikumjibu habari ya tangawizi. Nilimuuliza lini amekojoa mara ya mwisho. Akanyamaza kidogo, akasema, "Jana magharibi, kidogo tu, rangi kama chai ya rangi."

Hapo ndipo pa kuanzia, kabla hujalinganisha chochote. Mimi ni mkunga, na kliniki ya wajawazito ndiyo kazi yangu ya kila siku. Wanawake wengi huniuliza kipi ni bora, tangawizi au vidonge, kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Dawa hizi hazipimwi hivyo. Kila moja ina kiwango cha kichefuchefu inachokiweza, na ukiitumia nje ya kiwango chake hupotezi pesa tu, unapoteza siku. Kwa mama aliyekwisha kukauka, siku moja ni kubwa.

Kwa hiyo jiulize kwanza: maji yanakaa tumboni? Unayeamka moyo umechafuka, ukatapika mara moja au mbili, halafu mchana ukanywa na kula chochote, chaguo lako ni milo midogo na tangawizi. Kama unatapika mara kwa mara na umeanza kuukimbia mlo, lakini ukinywa polepole maji yanabaki na unakojoa, ongeza vidonge, usisubiri. Kama maji hayakai kabisa, acha kulinganisha vya nyumbani, nenda ukapate dripu. Nitavipitia kwa mpangilio huo.

Neno moja kabla sijaendelea, kwa sababu najua yanayosemwa nyumbani. Mwanamke akitapika sana huambiwa anadeka, au mimba "imemkataa" kwa kuwa hakuitaka. Si kweli. Mwaka 2023 kundi la watafiti, wakiwamo Marlena Fejzo wa Marekani na Stephen O'Rahilly wa Cambridge, walionyesha katika jarida la Nature kwamba homoni iitwayo GDF15, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwa mtoto na kondo la nyuma, ndiyo chanzo kikubwa cha kichefuchefu hiki. Mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo mwilini huumwa zaidi ikipanda ghafla. Ni mwili wake, si tabia yake. Mama mkwe anayesoma hapa naomba alishike hilo.

Milo midogo: inafanya nini, na inaishia wapi

Tumbo la mjamzito lina matatizo mawili yanayopingana. Likiwa tupu, asidi inalichezea na kichefuchefu kinapanda, ndiyo maana asubuhi huwa mbaya, kwani saa nane au tisa zimepita bila kitu. Likijaa, halitoi chakula haraka, kwa sababu homoni za mimba hulegeza misuli yake. Sahani ya ugali na maharage iliyokuwa ikishuka vizuri sasa inakaa pale pale, na baada ya nusu saa inarudi. Maana ya milo midogo ni kutoliacha tumbo likawa tupu wala kujaa.

Watu husikia "kula kidogo kidogo" wakaelewa "kula kidogo". Hapana. Kinachopungua ni kiasi cha kila mlo, siyo cha siku nzima. Namna inayofaa ni hii. Usiku weka karibu na kitanda kipande cha mkate uliokaushwa, au biskuti tatu zisizo na mafuta mengi. Ukiamka usisimame. Kula ukiwa umejilaza upande, taratibu, kisha kaa hivyo dakika 15 au 20. Ndipo uinuke, polepole. Baada ya hapo kula kila saa mbili hivi, kiasi cha kujaza kiganja kimoja: ndizi mbivu nusu, kiazi kitamu cha kuchemsha, yai moja, karanga, mtindi kikombe kidogo, uji mwembamba uliopoa. Usingoje njaa. Njaa ikija umeshachelewa, kichefuchefu kiko nyuma yake.

Ongeza chakula cha kujenga mwili ndani ya vipande hivyo. Mkate mtupu unatuliza haraka lakini hautulizi muda mrefu. Mkate na yai, au kiazi na karanga, huchukua mama hadi mlo unaofuata. Kinywaji kitenge na chakula, ukinywa nusu saa kabla au baada, kwa sababu maji na chakula kwa pamoja hulijaza tumbo mara mbili.

Halafu harufu. Nimeona wanawake wakifuata kila kitu sawasawa, kisha wakashindwa na kitunguu kinachokaangwa. Chakula kilichopoa hakitoi harufu kama cha moto, kwa hiyo kiazi cha jana kinaweza kumfaa kuliko wali unaofuka mvuke. Na hapa msaada haununuliwi: mtu mwingine apike kwa wiki chache. Mume akishika jiko na dagaa wakakaangiwa nje upande upepo unakoelekea, hiyo ni tiba.

Milo midogo haigharimu kitu na haina madhara, ndiyo maana naiweka ya kwanza. Mpaka wake uko wazi: inamsaidia anayeweza kumeza. Anayetapika hata kipande cha biskuti hana anachokipata hapa, na kumwambia "jitahidi kula" ni kumwongezea mzigo.

Kuna jambo linalosahaulika. Vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, huchafua moyo kwa wengi. Kama kichefuchefu chako kinapanda kila baada ya kidonge, jaribu kukimeza usiku ukienda kulala, pamoja na kitu kidogo tumboni. Ikishindikana, mwambie mkunga wako, kwani anaweza kukusimamishia chuma kwa wiki hizi za mwanzo akakuacha na foliki asidi peke yake. Usiache vyote kimya kimya, maana foliki asidi ndiyo inayohitajika zaidi wakati huu uti wa mgongo wa mtoto unapoumbika.

Tangawizi: kipimo, siyo wingi

Tangawizi si imani ya bibi tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu huduma za wajawazito unaitaja miongoni mwa njia za kupunguza kichefuchefu mwanzoni mwa mimba, pamoja na vitamini B6. Lakini majaribio yaliyofanywa yanaonyesha kitu ambacho wengi hawaambiwi: tangawizi inapunguza ule moyo kuchafuka, ila kwa kutapika kwenyewe haina nguvu kubwa. Ndiyo tofauti ya kuishika ukiilinganisha na vingine. Anayesumbuliwa na kichefuchefu cha kutwa bila kutapika sana atafurahi nayo. Anayetapika mara sita kwa siku haitamtosha, hata akiongeza.

Kipimo kilichotumika katika majaribio mengi ni kama gramu 1 ya unga wa tangawizi kavu kwa siku, ikigawanywa mara nne. Gramu hiyo ni kama nusu kijiko cha chai kwa unga wa dukani, na kwa tangawizi mbichi iliyokunwa ni kama kijiko kimoja cha chai. Hicho ni cha siku nzima, siyo cha kikombe kimoja. Ikune, igawe mafungu manne, kila fungu liloweke kwenye kikombe kidogo cha maji ya moto kwa dakika kumi, acha yapoe, kunywa kwa mikupuo midogo. Ipe siku nne hivi ndipo uamue kama inakusaidia.

Mdogo wangu alifanya kinyume. Shemeji, kwa mapenzi mema, alimnunulia fungu zima sokoni, wakaponda tangawizi yenye ukubwa wa kidole gumba kwa kila kikombe, wakachemsha hadi ikawa kali kama pilipili. Tangawizi nyingi huleta kiungulia, na kiungulia kwa mjamzito huleta kutapika. Alikuwa anatibu kitu na kukizalisha kwa kikombe kile kile.

Kati ya namna za kuitumia, mimi napendelea maji ya tangawizi yaliyopoa kuliko chai ya maziwa yenye tangawizi, kwa kuwa maziwa ya moto yana harufu na mafuta yanayowakera wengi. Kutafuna kipande chembamba chenye chumvi kidogo kunawafaa wale wenye mate mengi mdomoni. Soda ya tangawizi siihesabu kama tangawizi. Sukari ndiyo iliyojaa humo, na huwezi kujua umepata kiasi gani cha mzizi wenyewe. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayetokwa na damu ukeni, asiitumie kama dawa kabla ya kuzungumza na daktari.

Na kwa kuwa tumo kwenye mambo ya mdomoni: udongo. Najua pemba inayouzwa sokoni inatuliza kwa dakika chache, na najua ile hamu ilivyo, hata harufu ya mvua kwenye vumbi inamtoa mtu mate. Lakini udongo unaweza kuwa na mayai ya minyoo na madini ya sumu kama risasi, unazuia chuma kufyonzwa, na unafunga choo. Kwa mama ambaye damu yake tayari ni ya kuhesabia, usiuweke kwenye orodha ya kuchagua. Kipande cha ndimu cha kunusa au kulamba na chumvi kinaweza kushika nafasi hiyo.

Vidonge: wengi huvifikia wakiwa wamechelewa

Hofu ya dawa katika mimba changa ina sababu yake, lakini mama aliyepungua na kukauka naye yuko hatarini, na dawa zinazotumika hapa zimetumiwa na wajawazito kwa miaka mingi.

Ya kwanza ni vitamini B6, jina lake la dawa piridoksini. Kipimo cha kawaida ni miligramu 10 hadi 25, mara tatu kwa siku. Inalingana na tangawizi kwa kuwa nguvu yake iko zaidi kwenye kichefuchefu, ila haichomi kifua. Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu makosa ya duka la dawa yako hapa. Ukiomba "vitamini B" unaweza kupewa B kompleksi ya kawaida, ambayo B6 yake ni miligramu chache tu, haitoshi. Au unaweza kupewa vile vidonge vya ganzi na maumivu ya mishipa vyenye B1, B6 na B12 kwa pamoja, ambavyo kidonge kimoja huweza kuwa na B6 miligramu 100 au 200. Hicho ni kingi, na B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu. Geuza boksi, soma namba iliyo mbele ya piridoksini, ndipo ulipe.

B6 peke yake isipotosha, huongezewa dawa ya jamii ya zile za mzio, yenye kuleta usingizi. Kwenye nchi nyingi ni doksilamini, na kwetu promethazini ndiyo inayopatikana kirahisi. Hizi zinakata kutapika kuliko tangawizi. Gharama yake ni usingizi mzito, kwa hiyo kipimo cha kwanza kimezwe usiku, na anayeendesha pikipiki au kupika kwa moto wa wazi ajihadhari. Metoklopramidi hutumika pia, kwa siku chache, kwa kawaida zisizozidi tano, na mama akiona shingo inakaza, macho yanageuka juu au taya linavutwa lenyewe, aiache na arudi hospitali. Hiyo si mapepo, ni dawa. Ondansetroni ina nguvu nzuri lakini huwekwa nyuma ya hizo katika wiki za mwanzo, kwa sababu utafiti mkubwa ulikuta ongezeko dogo la watoto wenye mpasuko wa mdomo, kama 3 zaidi katika kila 10,000. Pia inafunga choo.

Zote hizi zinahitaji mtu wa afya akuandikie. Ukiniuliza lini umwendee, nitasema siku unapoanza kuacha kazi au kushindwa kuamka kwa ajili ya kutapika. Usingoje udhoofike ndipo ustahili kidonge.

Kinywaji kipi, wakati tumbo linakataa

Wagonjwa wanaotapika huletewa soda. Nimeona chupa tatu zimepangwa pembeni ya kitanda. Soda ina sukari nyingi mno na chumvi karibu hakuna, na gesi inalijaza tumbo. Madafu ni bora kuliko soda, yana potasiamu ambayo mtu anayetapika huipoteza, ila sodiamu yake ni kidogo, kwa hiyo hayawezi kubeba kazi yote peke yake. Maji matupu yanakata kiu lakini hayarudishi chumvi.

Kinachoshinda vyote ni ORS, ile ile tunayowapa watoto wenye kuhara. Pakiti nyingi huchanganywa na lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, lakini soma pakiti, ziko za nusu lita. Usiionje ukaongeza sukari. Ladha ikikukera, ipoze sana. Isiyokwisha kwa saa 24, mwaga. Pasipo pakiti, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha juu, kwa lita 1 ya maji, vinakuvusha mpaka upate pakiti.

Namna ya kunywa ndiyo inayoamua kama itakaa. Glasi nzima kwa mkupuo itarudi. Chukua kijiko cha chai, kimoja kila dakika mbili. Ni mililita 5 kwa kijiko, kwa hiyo ndani ya saa moja umeingiza 150, kiasi cha kikombe kidogo, na tumbo halijashtuka. Ukitapika, pumzika dakika kumi, anza tena. Ukifanya hivi kwa saa kadhaa na bado unatoa vyote unavyoingiza, jibu umelipata. Nenda hospitali.

Dalili za kukauka

Usihesabu mara za kutapika. Mwanamke mmoja anatapika mara kumi na anakojoa vizuri, mwingine anatapika mara nne na amekauka. Tazama mkojo. Mkojo wa rangi ya majani makavu, kila saa tatu au nne, unakuambia uko salama. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, au mchana umekaa muda wa saa nane bila mkojo, mwili umeshaanza kubana maji yake.

Dalili nyingine huja pamoja. Ulimi na midomo mikavu, mate yananata. Ukisimama dunia inazunguka au macho yanaingia giza. Moyo unakwenda mbio umekaa tu. Macho yameingia ndani. Hakuna chakula wala kinywaji kilichokaa kwa saa 24. Na uzito: chukua kilo ulizokuwa nazo kabla ya mimba au kwenye hudhurio la kwanza, tafuta asilimia 5 yake. Ukipungua kiasi hicho, hiyo si asubuhi mbaya tena. Kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 3.

Matapishi yenye damu, maumivu makali ya tumbo, kuchanganyikiwa, au kuzimia, havisubiri kesho. Wala homa. Kichefuchefu cha mimba hakileti homa. Kwetu huku, mjamzito mwenye homa na kutapika apimwe malaria siku hiyo hiyo, na mkojo upimwe kwa maambukizi, hata kama kila mtu nyumbani anasema ni mimba tu. Angalia pia kalenda. Kichefuchefu cha mimba kwa kawaida huanza kati ya wiki ya 4 na ya 7 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hufika kilele karibu wiki ya 9, na wengi hupata nafuu kati ya wiki ya 12 na 16. Kutapika kunakoanza kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya 11 kutafutiwe sababu nyingine.

Dripu: ya chumvi au ya sukari?

Rudi kwa mdogo wangu. Alikuwa wiki ya 8. Kadi yake ya kliniki ilionyesha kilo 58 kwenye hudhurio la kwanza, wiki mbili nyuma. Asilimia 5 ya 58 ni kilo 2.9. Nilimwambia apande mzani wa jirani: 54.5. Amepungua kilo 3.5, amevuka mpaka. Muda wa saa kumi na moja ulikuwa umepita bila mkojo. Alipojaribu kusimama akiongea nami alishika ukuta.

Jambo ambalo hakuniambia hadi nilipombana ni kwamba siku mbili kabla alikuwa amewekewa dripu mahali fulani karibu na kwao, chupa moja ya glukosi, akalipa, akarudi nyumbani. Alijisikia vizuri jioni ile, kesho yake akawa vile vile.

Wagonjwa wengi huiomba dripu ya sukari kwa jina, wakiamini ndiyo inayotia nguvu. Kwa mama aliyetapika kwa wiki nzima, hiyo siyo ya kuanza nayo. Alichopoteza ni maji, sodiamu na potasiamu, na dripu ya glukosi peke yake haivirudishi. Lakini kuna hatari kubwa zaidi. Mtu asiyekula kwa siku nyingi huishiwa na vitamini B1, thiamini. Ubongo unaihitaji thiamini ili kutumia sukari. Ukimmiminia glukosi mwili wake hauna thiamini, ile iliyobaki inaisha kwa mara moja, na ubongo unaweza kuumia. Dalili zake ni kuona vitu viwili viwili, macho kuchezacheza, kuyumba akitembea kama mlevi, na kuchanganyikiwa. Si jambo la kila siku, lakini likitokea linaweza kuacha ulemavu wa kudumu, na kinga yake ni sindano ya bei ndogo.

Dripu inayofaa kuanza nayo ni ya chumvi, maji ya sodiamu kloraidi ya asilimia 0.9, ikiongezwa potasiamu kulingana na kipimo cha damu, na thiamini, kwa kawaida miligramu 100, itangulie kabla ya glukosi yoyote. Ndugu anayemsindikiza mgonjwa anaweza kuuliza kwa heshima: "Samahani daktari, amekaa siku nyingi bila kula. Atapata thiamini kabla ya glukosi?" Hakuna mhudumu mzuri atakayechukizwa na swali hilo.

Nilimpeleka hospitali asubuhi hiyo. Malaria haikuonekana, mkojo haukuwa na maambukizi. Ketoni zilikuwa nyingi kwenye mkojo, nasi tulizizungumza kwa uzito wake tu: zinaonyesha mwili unachoma mafuta kwa kukosa chakula, haziwezi peke yake kusema mtu amekauka kiasi gani. Walimpiga picha ya utrasaundi, kwa sababu kutapika kupita kiasi huweza kutokana na mapacha au mimba zabibu. Alikuwa na mtoto mmoja, mapigo ya moyo yanaonekana. Akachomwa thiamini, akaanzishiwa dripu ya chumvi na sindano ya kuzuia kutapika. Lita ya kwanza iliisha hajakojoa. Katikati ya lita ya pili akaomba kwenda chooni, na muuguzi wa zamu akatabasamu kuliko mimi.

Alikaa siku mbili. Siku ya pili aliweza kumaliza nusu kikombe cha uji uliopoa, ukakaa. Alitoka na B6 mara tatu kwa siku na promethazini ya usiku, na ndipo tuliporudi kwenye milo midogo, kwa kuwa sasa tumbo lilikuwa linaipokea. Tangawizi aliiomba mwenyewe wiki ya 10, kikombe kimoja chepesi saa 10 jioni, saa ambayo kwake huwa mbaya kuliko asubuhi.

Shemeji alitundika kalenda ukutani karibu na mlango wa choo, na kalamu imefungwa kwa uzi. Kila mdogo wangu akikojoa anaweka mstari, kila Jumamosi asubuhi anaandika kilo. Mistari ikishuka chini ya minne kwa siku, au kilo zikirudi chini ya 55, wanarudi hospitali bila kunipigia kwanza. Wiki ya 11 ilishuka siku moja hadi mitatu, wakaenda, akapewa dripu ya chumvi moja na akarudi jioni. Wiki ya 16 daktari alianza kumpunguzia promethazini kidogo kidogo, na kalenda sasa imeandikwa 57.